Kiwanda kimeongeza muda kutoka wiki 4 hadi 8: nawaandikiaje wateja, na waagize vipi?

Mkanda_na_Beringi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Nina jambo la stoo na manunuzi, naombeni mwongozo.

Nipo kwa msambazaji wa vipuri vya mashine: beringi za gololi, sili za pampu na mikanda. Wateja wetu wa kudumu ni kama 60, wengi wao karakana na vitengo vya matengenezo. Siku zote tumewaambia mzigo unafika wiki 4 baada ya oda. Wiki iliyopita kiwanda kimetuandikia kwamba beringi na sili sasa ni wiki 8. Wanasema foleni ya uzalishaji imejaa. Mikanda haijaguswa. Oda ambazo walishatupa tarehe wanazishikilia nyingi, lakini chache wamezisogeza mbele.

Bosi anataka tangazo litoke kabla ya Ijumaa, na kaniandikia rasimu yeye mwenyewe:

*"Ndugu mteja, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu kutakuwa na ucheleweshaji wa baadhi ya bidhaa. Tunashauri uagize mapema. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza."*

Nimeisoma mara tatu na kila mara najiuliza, mimi ningekuwa mteja ningefanya nini baada ya kuisoma? Hofu yangu ya pili ni kwamba wote 60 wataagiza kwa kishindo siku hiyohiyo. Mnafanyaje?

---

ChumaNiChuma

Mkuu mbona unajisumbua kuandika barua? Sapulaya akianza kuzingua unahama. Tafuta kiwanda kingine, wapo kibao.

---

Mkanda_na_Beringi

Tumeuliza wengine wawili. Mmoja ni wiki 10, mwingine vipimo vyake havilingani na mashine za wateja. Kuhama ni safari ya miezi, na tangazo ni la Ijumaa. Nisaidieni kwenye tangazo kwanza.

---

Hesabu_Mbili

Hii mbona rahisi. Muda umekuwa mara mbili, basi waambie na oda iwe mara mbili. Aliyekuwa anachukua 48 achukue 96. Ndivyo tunavyofanya kwetu, na stoo haijawahi kukauka.

---

Karakana7

Hesabu_Mbili, stoo yako haijakauka ila umepima imejaa kiasi gani? Mimi ni mteja wa aina hiyo inayoandikiwa. Tulipata barua kama ya bosi wa mwanzisha uzi, mstari kwa mstari, "ucheleweshaji wa baadhi ya bidhaa". Bidhaa zipi? Hazikutajwa. Hadi lini? Kimya. Fundi mkuu akaogopa, tukaagiza sili za miezi minne kwa mkupuo. Wenzetu nao wakafanya hivyohivyo. Kilichofuata ni kwamba mzigo ulichelewa zaidi, kisha ukafika wote wiki moja, na hadi leo kuna boksi zinazuia mlango wa kabati la zana. Na pamoja na yote hayo, sili moja muhimu ya pampu ya maji ya moto ilituishia, kwa sababu pesa yote ilikuwa imelala kwenye zile nyingine.

---

Bi_Leja

Mwanzisha uzi, ni vizuri umesita. Rasimu ya bosi ina neno moja linaloharibu kila kitu, nalo ni *ucheleweshaji*. Oda ikichelewa, maana yake ilikuwa na tarehe na tarehe imevunjwa. Kilichokupata wewe ni kingine kabisa: umbali kati ya kuagiza na kupokea umekuwa mrefu, kwa kila oda, kuanzia sasa. Mteja akisikia "ucheleweshaji" anasubiri upite. Anaendelea na ratiba yake ya zamani, na wiki ya tisa anakupigia simu anafoka.

Una habari mbili, usizichanganye kwenye barua moja ya jumla. Ya kwanza ni oda zilizo wazi ambazo kiwanda kimezisogeza. Hao ni wateja wachache, wapigie mmoja mmoja, taja namba ya oda, tarehe ya zamani na tarehe mpya, kisha watumie kwa maandishi. Ya pili ni muda mpya, nayo ndiyo ya wote.

Kuhusu kishindo: ni kweli hutokea, na kinaitwa athari ya mjeledi. Lee, Padmanabhan na Whang waliandika juu yake mwaka 1997, na moja ya sababu walizotaja ni hii ya wateja kuzidisha oda wanapoogopa uhaba. Mkono unacheza kidogo, ncha ya mjeledi inaruka mbali. Kiwanda kinaona oda mara mbili, foleni inarefuka, wanatangaza wiki 12, wateja wanazidisha tena. Mwaka 2000 soko la vifaa vya mitandao lilikuwa na uhaba wa namna hiyo. Mwaka uliofuata Cisco ilifuta kwenye vitabu bidhaa za stoo za zaidi ya dola bilioni 2, na sehemu ya tatizo ilikuwa oda zilizorudiwarudiwa ambazo nyuma yake hakukuwa na mtumiaji.

Kwa hiyo barua isiseme "agiza mapema" ikaishia hapo. Mapema kiasi gani? Iseme *lini* na *ngapi*. Nipe mteja wako mmoja na namba zake, nikuonyeshe.

---

Mkanda_na_Beringi

Asante sana mama. Namchukua mteja wa kawaida kabisa, karakana ya pampu. Beringi ya aina moja anatumia 12 kwa wiki, haipandi wala kushuka sana. Anaagiza 48 kila baada ya wiki 4. Hapendi akiba ishuke chini ya 24. Leo ana 60 rafuni, na kuna oda ya 48 iliyo njiani. Hiyo haijasogezwa, inafika wiki ya pili.

---

Bi_Leja

Mteja mzuri huyu, anajua namba zake. Wengi hawajui.

Kwa ratiba ya zamani, kiwango chake cha kuagizia ni matumizi ya wiki 4, yaani 48, ukijumlisha na akiba 24. Inakuwa 72. Jumla yake ikigusa 72, anaagiza. Hapo kwenye neno *jumla* ndipo watu wanapojikwaa. Unahesabu kilicho rafuni pamoja na kilicho njiani. Leo ana 60 na 48, jumla 108.

Sasa tuseme hajaambiwa kitu. Anatumia 12 kila wiki, kwa hiyo jumla itagusa 72 baada ya wiki 3. Anaagiza kwa amani. Lakini mzigo huo unafika wiki 8 baadaye, yaani wiki ya 11. Na zile 108 zinaisha mwisho wa wiki ya 9. Ana wiki mbili za rafu tupu na upungufu wa beringi 24, na siku aliyoagiza hakuna kitu kilichomwonyesha kwamba amekosea.

Sasa aambiwe vizuri. Matumizi ya wiki 8 ni 96. Akiba nayo inapanda, ila si mara mbili. Kama matumizi yake yanayumba kidogo wiki hii na kidogo wiki ile bila mpangilio, kuyumba huko hupoozana kadiri wiki zinavyoongezeka, kwa hiyo muda ukiwa mara mbili akiba inatosha kuzidishwa kwa takriban 1.4. Ile 24 inakuwa 34. Kiwango kipya ni 130.

Leo ana 108, tayari yuko chini. Aagize 48 yake ya kawaida leo. Jumla inakuwa 156. Baada ya wiki 2 na ushee inagusa 130, anaagiza 48 nyingine. Kuanzia hapo anarudi kwenye kawaida yake: 48 kila wiki 4, kama zamani.

Linganisha. Zamani angeagiza wiki ya 3, ya 7 na ya 11. Sasa anaagiza leo, wiki ya 2, ya 6 na ya 10. Tofauti nzima ni oda MOJA ya ziada, mara moja tu. Ile oda moja inajaza bomba, kwa sababu bomba kati yenu na kiwanda limerefuka kwa wiki 4. Bomba likishajaa, kinachoingia ni kilekile kinachotoka.

---

Hesabu_Mbili

Sasa si umerudi kwenye yangu? 48 leo na 48 wiki ya pili ni 96. Mara mbili.

---

Bi_Leja

Ni mara mbili kwa mara moja, kaka. Wewe ulisema 96 kila awamu. Fundi anatumia 48 kwa wiki 4, wewe unamletea 96, kila awamu zinabaki 48. Baada ya awamu sita ana beringi 288 za ziada. Kwa matumizi ya 12 kwa wiki hiyo ni stoo ya wiki 24. Muda wa kusubiri ukirefuka, mashine haianzi kula beringi nyingi zaidi.

---

Hesabu_Mbili

Hapo nimekupata. Ila kwetu muda haukurefuka tu, ulikuwa pia unarukaruka, leo wiki 6, kesho wiki 11. Ile 1.4 yako ingetuua.

---

Bi_Leja

Hapo uko sahihi, na nilipaswa kusema. Ile 1.4 inashughulikia kuyumba kwa matumizi peke yake, huku muda wenyewe ukiwa umetulia. Muda ukianza kurukaruka, huo ndio unaotawala akiba. Kama mzigo wa wiki 8 unaweza kufika wiki ya 10, hizo wiki mbili zinahitaji beringi 24 za kuzibeba peke yake, hata matumizi yawe yametulia kama maji ya mtungi. Kinachopimwa ni kumbukumbu za mapokezi: tarehe ya oda na tarehe mzigo ulipoguswa. Ahadi ya kiwanda haitoshi.

---

Kitabu_cha_Stoo

Samahani kuingilia. Nimejaribu hesabu hii kwa bidhaa zangu na sasa daftari linaniambia AGIZA kila siku. Kiwango kimepanda hadi 130 lakini rafu yangu haijawahi kufika 130 tangu nizaliwe. Nakosea wapi?

---

Bi_Leja

Unalinganisha 130 na rafu peke yake. Ongeza kilicho njiani. Muda wa kusubiri ukiwa mrefu kuliko awamu yako ya kuagiza, utakuwa na oda mbili au tatu zinazoelea kwa wakati mmoja, na rafu peke yake itaonekana maskini daima. Yule wa 48 kwa kila wiki 4 hatazidi beringi 84 hivi rafuni, na yuko salama kabisa. Ukiona daftari linasema agiza kila ukilifungua, ujue safu ya "njiani" imesahaulika.

---

Kitabu_cha_Stoo

Loh! Nilikuwa nimeshatuma oda mbili. Naomba kanuni ya kuweka kwenye jedwali la kompyuta, nisirudie.

---

Bi_Leja

Hizo oda mbili zipigie simu leo, kama hazijathibitishwa zinafutika. Safu ziwe hivi: B matumizi ya wiki, C wiki za kusubiri, D akiba, E rafuni, F njiani.

```
=IF(E2+F2<=B2*C2+D2,"AGIZA","SUBIRI")
```

Siku muda ukibadilika unabadilisha C, na unaipitia D kwa macho yako mwenyewe.

---

Mzigo_Getini

Mimi nafanya kazi ya usafirishaji, nina swali dogo. Hizo wiki 8 zinaanzia wapi na kuishia wapi? Viwanda vingi vikisema wiki 8 vinamaanisha mzigo uko tayari getini kwao. Na je, ni wiki za kalenda au siku za kazi 40? Vikiwemo vipindi vya mapumziko ya kiwanda, hizo mbili haziwi sawa.

---

Mkanda_na_Beringi

Ee bwana, umeniokoa. Nimepiga simu sasa hivi. Ni wiki za kalenda, lakini zinaishia getini kwao! Zile wiki 4 tulizokuwa tunawaambia wateja zilikuwa wiki 3 za kiwanda na wiki 1 ya barabara na mapokezi yetu. Kwa hiyo ukweli ni wiki 9 hadi mlangoni kwa mteja. Ningeandika 8, wote 60 wangepungukiwa na wiki.

---

Bi_Leja

Basi turudie yule fundi wetu haraka. Matumizi ya wiki 9 ni 108. Akiba tunaizidisha kwa 1.5, inakuwa 36. Kiwango ni 144.

Angalia sasa alivyo ukingoni: jumla yake ya leo ni 108, inaisha wiki ya 9, na oda ya leo inafika wiki ya 9. Hana hata siku moja ya kupoteza. Oda ya pili ni wiki ijayo, kisha wiki ya 5, ya 9, na kuendelea kila wiki 4. Kuanzia wiki ya 10 rafu yake inatulia, haishuki chini ya 36.

Lakini wiki ile ya 9 anaigusa sifuri. Lori likichelewa siku mbili, mashine inasimama. Mteja wa namna hii hatoshi kuandikiwa barua, anapigiwa simu kabla ya barua. Na wewe chungulia stoo yako kama una 24 za kumwekea pembeni. Pitia wote 60 kwa hesabu hii, wale ambao jumla yao ni ya wiki 9 au pungufu ndio orodha yako ya simu za kesho asubuhi.

---

Mzigo_Getini

Mimi ningewaambia wiki 11. Ikifika 9 watafurahi, ikifika 11 hawatalalamika. Mteja humwudhi mara moja tu, siku unapokosa tarehe.

---

Bi_Leja

Hapo tunatofautiana. Ukimwambia 11 naye ataweka zake mbili juu, inakuwa 13, na zote hizo zinakuja kwako kama oda. Halafu baada ya mizigo mitatu kufika wiki ya 9 anajua una tabia ya kuongeza chumvi, siku kiwanda kikisema kweli 11 hatakuamini. Mimi nasema tisa, na akiba iwekwe waziwazi kwenye akiba.

---

Mzigo_Getini

Wewe uko kwenye stoo, mimi ndiye ninayepigiwa simu saa mbili usiku. Wiki 10 basi.

---

Karakana7

Mimi kama mteja nataka namba mbili: wiki 9 ndiyo kawaida, na mbaya zaidi mliyowahi kuona ni ngapi. Niachieni mimi niamue. Pampu ya maji ya moto nitaipigia hesabu ya mbaya zaidi, feni ya stoo nitaipigia ya kawaida.

---

Maabara_Ndogo

Naomba kuuliza upande wangu, japo si vipuri. Tunanunua vitendanishi vya maabara, maisha yake ni miezi 6 tangu kutengenezwa. Sapulaya wetu naye karefusha muda kwa wiki 5. Nikiongeza oda kama mnavyosema, si vitaharibika rafuni?

---

Bi_Leja

Swali zuri, na jibu linategemea hizo wiki 5 ziko wapi. Kama ni foleni *kabla* ya kutengenezwa, kama ya mwenzako hapa, muda hauli maisha ya bidhaa. Ile oda ya ziada inakaa kwenye foleni ya kiwanda, haikai rafuni kwako. Kinachoongezeka rafuni ni ile akiba tu. Lakini kama wiki 5 ni za *baada* ya kutengenezwa, bidhaa ikiwa ghalani au safarini, basi kila boksi linakufikia likiwa na wiki 5 pungufu za maisha, na hapo hata oda yako ya kawaida inaweza kuwa kubwa mno. Mwulize sapulaya: mzigo utanifikia ukiwa umebaki na miezi mingapi? Dai aiandike kwenye oda. Na agiza kidogokidogo mara nyingi, oda moja yenye tarehe tatu za kupokea.

---

Maabara_Ndogo

Wao hawajasema ni kabla au baada. Wameandika tu "changamoto za mnyororo wa ugavi".

---

Karakana7

Hahaha, ndugu wa pili wa "sababu zilizo nje ya uwezo wetu".

---

Mkanda_na_Beringi

Wakuu, nimekaa na kuandika upya. Bosi kaisoma, kalalamika ni ndefu, lakini hajafuta kitu. Ikosoeni:

*Mada: Beringi za gololi na sili za pampu: muda mpya ni wiki 9 kuanzia tarehe 2 Machi*

*Ndugu mteja,*

*Oda za beringi za gololi na sili za pampu zitakazotufikia kuanzia tarehe 2 Machi zitakuwa mlangoni kwako wiki 9 baada ya sisi kuthibitisha oda. Zamani zilikuwa wiki 4. Ni siku 63 za kalenda, pamoja na siku za mapumziko. Foleni ya uzalishaji kiwandani imerefuka. Mikanda haijabadilika, inabaki wiki 4.*

*Kwa mfano, oda ya tarehe 2 Machi itafika tarehe 4 Mei. Ukihitaji mzigo mkononi tarehe 25 Mei, oda itufikie si zaidi ya tarehe 23 Machi.*

*Oda zako zilizo wazi zimeorodheshwa chini na tarehe zake. Zisizo na alama hazijabadilika. Zenye alama tumeshakupigia simu kuzihusu.*

*Unachohitaji kubadilisha ni siku ya kuagiza. Kiasi unachoagiza kila awamu kinabaki kilekile. Jumlisha kilicho rafuni na kilicho njiani. Kama jumla hiyo haifiki matumizi yako ya wiki 9 pamoja na akiba yako, agiza sasa. Wengi wenu mtahitaji oda moja ya ziada, mara moja, kisha mrudi kwenye ratiba ya kawaida. Tafadhali usirudie oda ileile kwetu na kwingine kwa ajili ya kujihami, foleni itarefuka kwetu sote. Tutumie matumizi yako ya wiki kwa kila kipuri, tutakurudishia tarehe zako za kuagiza.*

---

Karakana7

Hii ningeisoma hadi mwisho. Mawili tu. Kwanza, weka ile mbaya zaidi niliyoomba. Pili, tutasikia tena lini? Barua inasema muda umekuwa wiki 9, haisemi mtautazama tena siku gani. Nisipojua, nitapiga simu kila Jumatatu.

---

Bi_Leja

Naunga mkono la pili kwa mikono miwili. Taja tarehe ya taarifa ijayo hata kama siku hiyo utaandika "bado ni wiki 9". Na useme mapema kwamba muda ukifupishwa, mteja aruke au apunguze oda moja. Watu hukumbuka kujaza bomba, husahau kulipunguza, na siku muda ukirudi wiki 4 ile oda ya ziada inawafikia yote kwa pamoja.

La kwanza siliungi mkono sana. Huna kumbukumbu za mapokezi chini ya muda huu mpya, "mbaya zaidi" utaitoa wapi?

---

Mkanda_na_Beringi

Sina kweli. Nimeandika: "Mizigo mitatu ya kwanza itakapofika tutawatumia muda halisi iliyochukua." Na taarifa ijayo ni tarehe 30 Machi, iwe kuna jipya au hakuna.

---

Mzigo_Getini

Wiki 10. Nimesema, utanikumbuka.

---

Mkanda_na_Beringi

Mrejesho, wakuu. Simu nimepiga 14, barua zimetoka jana. Wateja 22 wameshatuma matumizi yao ya wiki, idadi ambayo sikuitegemea. Yule fundi wa beringi 12 ameagiza siku ileile, na bosi kakubali tumwekee 24 pembeni kutoka stoo yetu.

Ila leo asubuhi mteja mmoja katuma oda ya sili 200. Kawaida yake ni 24. Nimkatalie?

---

Bi_Leja

Usikatae wala usithibitishe. Mpigie umwulize anatumia ngapi kwa wiki na ana ngapi rafuni.

---

Mkanda_na_Beringi

Nimempigia. Anatumia 6 kwa wiki, ana 40 rafuni na 24 njiani. Akasema ile 200 "ni ya usalama tu", maana kuna jirani yake kaagiza 300 kwingine. Tumepiga hesabu pamoja kwenye simu: wiki 9 ni 54, akiba yake ya 12 imekuwa 18, kiwango 72, ana 64. Ameagiza 24 leo. Nyingine wiki 3 kutoka sasa, nimemwekea ukumbusho.

Jirani yake si mteja wetu, huyo sina la kumfanya.